Kwa nini jedwali la malipo litafungwa Jumamosi usiku, na namna ya kuwaeleza wenzako

*"Ninatunza hifadhidata ya PostgreSQL kazini kwetu. Namba za jedwali la malipo zinakaribia kuisha, kwa hiyo nataka kubadili safu ya id kutoka integer kwenda bigint Jumamosi usiku. Jedwali lina rekodi milioni 240, kihesabu kimefika 2,060,000,000 na kinapanda kama 1,200,000 kwa siku. Kwenye nakala ya majaribio kazi ilichukua dakika 50. Nilipowaandikia wenzangu kwamba jedwali litafungwa, wahasibu waliuliza kwa nini wasiendelee kusoma ripoti, wasanidi wakasema mwezi uliopita tuliongeza safu bila kumzuia mtu, na meneja akauliza kama data iko hatarini. Je, hilo kufuli ni lazima kweli? Na niwaandikie nini?"*

Kwa njia uliyoichagua, ndiyo, ni lazima, na hata usipoliomba hifadhidata italichukua yenyewe. Hapo ndipo ningeanza na wenzako. Wamesoma neno "litafungwa" wakaelewa kwamba wewe umeamua kuwafungia mlango, kwa hiyo wanajadiliana nawe kama mtu anayeweza kulegeza masharti. Ukweli ni kwamba amri ya kubadili aina ya safu hiyo haifanyi kazi bila kufuli. Unachoweza kuamua ni saa ya kulichukua, na jinsi ya kuhakikisha halimkuti mtu katikati ya kazi yake.

Tuanze na sababu yenyewe, kwa kuwa ukiielewa vizuri majibu ya wahasibu, wasanidi na meneja yanatoka humo humo. Safu ya aina ya `integer` huhifadhi kila namba kwa baiti 4, na namba kubwa kuliko zote inayoingia humo ni 2,147,483,647. Safu ya `bigint` hutumia baiti 8. Rekodi zako milioni 240 zimepangwa kwenye diski kwa mpangilio wa baiti 4, na hakuna namna ya kuingiza baiti nne zaidi ndani ya kila rekodi pale pale ilipo. Kwa hiyo PostgreSQL hufungua faili jipya, husoma kila rekodi kutoka faili la zamani, huiandika upya kwa umbo jipya, kisha hujenga upya faharasa zinazohusika. Ikimaliza, jina la `malipo` huelekezwa kwenye faili jipya na lile la zamani hufutwa.

Ni kama karani anayenakili daftari la hesabu kwenye daftari jipya lenye nafasi pana zaidi. Akiwa amefika ukurasa wa 300, mtu akirekebisha kitu ukurasa wa 12 wa daftari la zamani, marekebisho hayo hayatafika kwenye jipya, na siku la zamani likitupwa yatapotea kabisa. Hii ndiyo sababu ya kuzuia uandishi, na sijaona mtu akiipinga akishaelezwa.

Wahasibu wameuliza swali gumu zaidi: kwa nini nao wanaosoma tu wangoje? `ALTER TABLE` ya aina hii huchukua kufuli liitwalo `ACCESS EXCLUSIVE`, ambalo ndilo zito kuliko yote katika PostgreSQL. Kila `SELECT` ya kawaida nayo huchukua kufuli lake dogo, `ACCESS SHARE`, linalosema tu kwamba "kuna mtu anasoma hapa, msilibomoe jedwali." Hayo mawili hayakai pamoja. Anayesoma amekwisha kupanga kazi yake akijua kwamba id ni namba ya baiti 4 na kwamba data iko kwenye faili fulani. Faili likibadilishwa na umbo la rekodi likageuka akiwa katikati ya kusoma, hana tena kitu cha kuaminika mkononi. Hifadhidata huona bora angoje dakika 50 kuliko apewe ripoti ambayo nusu yake imetoka mahali pasipokuwepo tena.

Pengine mtu atapendekeza wahasibu wasomee kwenye seva nakala usiku huo. Wazo ni zuri lakini halitawasaidia. Ikiwa nakala yenu hufuata seva kuu kwa kupokea kumbukumbu zake za mabadiliko moja kwa moja, kufuli la `ACCESS EXCLUSIVE` nalo husafiri na kumbukumbu hizo na kuchukuliwa kule pia. Ripoti ndefu inayoendelea kwenye nakala huvumiliwa kwa muda uliowekwa katika `max_standby_streaming_delay`, ambao kwa kawaida ni sekunde 30, kisha hukatwa. Anayetaka takwimu za Jumamosi na azitoe jioni, kabla kazi haijaanza.

Wasanidi nao hawajakosea kuhusu mwezi uliopita, ila wanalinganisha kazi mbili zisizofanana. Tangu toleo la 11, kuongeza safu mpya yenye thamani ya kuanzia isiyobadilika hakuhitaji kuandika upya jedwali. Hifadhidata huandika tu katika orodha yake ya ndani kwamba rekodi za zamani zihesabiwe kuwa na thamani hiyo. Kufuli lilikuwepo hata siku ile, tena lile lile zito, lakini lilikaa kwa sehemu ndogo ya sekunde na hakuna aliyeliona. Kurefusha `varchar(50)` kuwa `varchar(100)` nako hakuandiki upya chochote. `integer` kwenda `bigint` ni habari nyingine, kwa kuwa umbo la data kwenye diski linabadilika, na kufuli hushikiliwa mpaka kazi yote ikamilike.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye jambo ambalo hukulitaja, nalo ndilo linaloharibu usiku wa matengenezo mara nyingi zaidi kuliko kufuli lenyewe. Ni foleni.

Chukua hali hii. Saa 4:00 usiku unatoa amri yako. Kumbe kuna mtu aliyefungua muamala wa hifadhidata mchana kwa programu ya mezani, akasoma rekodi tatu za `malipo`, akaenda nyumbani bila kuufunga. Kufuli lake dogo la kusoma bado liko pale. Amri yako haiwezi kuanza, basi inangoja. Kufikia hapo hakuna madhara. Lakini kila ombi jipya linalokuja baada yako, hata la kusoma rekodi moja, hupanga foleni nyuma yako, kwa sababu linagongana na kufuli unalolisubiri. Hujabadilisha rekodi hata moja, na tayari huduma ya malipo imesimama. Kila ombi linalongoja limeshika muunganisho mmoja. Idadi ya miunganisho ina ukomo, na kama hamjaugusa mpangilio wa `max_connections`, ukomo huo huwa 100. Ikijaa, hata sehemu za mfumo zisizohusiana kabisa na malipo huanza kukataliwa kwa ujumbe `sorry, too many clients already`. Hapo simu zitaanza kuita, na kila mtu atalilaumu kufuli kumbe tatizo ni mtu mmoja aliyeacha kikao wazi.

Kwa sababu hiyo wenzako wana kazi ya kufanya kabla ya saa 4, na ujumbe wako uwaambie hivyo waziwazi. Huwaombi ruhusa tu. Unawaomba wafunge vikao vyao, wahamishe ripoti zinazojiendesha zenyewe usiku, na wasanidi wasimamishe sehemu ya malipo kwa ukurasa wa taarifa badala ya kuacha maombi yarundikane. Usisahau chelezo. `pg_dump` huchukua kufuli la kusoma kwenye kila jedwali inalonakili na kulishikilia mpaka imalize yote, kwa hiyo chelezo iliyoanza saa 3:30 usiku inaweza kula muda wako wote wa matengenezo bila wewe kujua kilichokuzuia. Iwahi kuanza mapema, na uhakikishe imekamilika, kwa sababu ndiyo kinga yako ya mwisho.

Muda mfupi kabla ya kuanza, tazama nani bado ana muamala wazi:

```sql
SELECT pid, usename, state, xact_start, query
FROM pg_stat_activity
WHERE xact_start < now() - interval '1 minute'
ORDER BY xact_start;
```

Ukiona `idle in transaction` kwenye safu ya `state`, huyo ndiye mtu wetu aliyeenda nyumbani. Mpigie kwanza, asipopatikana, mkate kwa `pg_terminate_backend` na namba ya `pid` yake. Kisha fanya kazi yenyewe. Nadhani kuna jedwali jingine, tuliite `risiti`, lenye safu ya `malipo_id` inayorejelea `malipo`. Nalo libadilishwe hapo hapo, la sivyo siku id ya kwanza itakapovuka ukomo, risiti yake itakataliwa kwa kosa la `integer out of range`.

```sql
BEGIN;
SET LOCAL lock_timeout = '5s';
LOCK TABLE malipo, risiti IN ACCESS EXCLUSIVE MODE;
ALTER TABLE malipo ALTER COLUMN id TYPE bigint;
ALTER TABLE risiti ALTER COLUMN malipo_id TYPE bigint;
ALTER SEQUENCE malipo_id_seq AS bigint;
COMMIT;
```

Mstari wa `lock_timeout` ndio dawa ya foleni. Unasema kwamba nikikosa kufuli ndani ya sekunde 5, niondoke, na wote walio nyuma yangu wapite. Ukikataliwa, tafuta aliyekuzuia, muondoe, jaribu tena. Muda huo unahesabu kungoja kufuli tu, hauhesabu kazi yenyewe, kwa hiyo hautakukatisha katikati ya zile dakika 50. Mstari wa `ALTER SEQUENCE` nao watu huusahau sana. Kama safu iliundwa kwa `serial` kwenye toleo la 10 au jipya zaidi, kihesabu chake nacho kina ukomo wa `integer`, na kubadili safu peke yake hakukigusi. Utakuwa umefanya kazi yote, na baada ya siku 72 hivi malipo yatasimama vilevile.

Kuhusu hofu ya meneja, una jibu zuri sana. Katika PostgreSQL mabadiliko ya umbo la jedwali huingia ndani ya muamala kama mabadiliko ya data. Faili la zamani linabaki zima mpaka `COMMIT` ipite. Ukikatisha katikati, faili jipya linatupwa na jedwali linarudi lilivyokuwa, tena kwa haraka, halihitaji dakika nyingine 50 za kurudi nyuma. Hatari ya kweli iko kwenye diski. Kwa muda fulani utakuwa na jedwali la zamani na jipya pamoja, kila moja na faharasa zake, na juu ya hapo kumbukumbu za mabadiliko zinazotumwa kwenye seva nakala. Kama majedwali hayo mawili na faharasa zake ni GB 52, usianze bila angalau GB 110 zilizo wazi. Nafasi ikiisha kwenye faili za data, amri hushindwa na kurudi nyuma salama. Ikiisha pale palipo na `pg_wal`, seva nzima husimama. Zipime zote mbili.

Baada ya `COMMIT`, endesha `ANALYZE malipo;` na `ANALYZE risiti;`, kwa sababu takwimu za safu zilizobadilishwa zimefutwa na bila hizo hifadhidata inaweza kuchagua njia mbaya ya kutafuta rekodi. Waombe wasanidi wawashe upya programu zao. Miunganisho ya zamani iliyotayarisha maombi kabla ya mabadiliko inaweza kutoa kosa `cached plan must not change result type`, na dawa yake ni kuunganisha upya. Waulize pia kama kwenye programu zao id imetangazwa kuwa namba ya biti 32. Hilo hifadhidata haiwezi kuwarekebishia.

Je, kuna njia isiyohitaji dakika 50? Ipo. Unaongeza safu mpya ya `bigint` pembeni, unaweka triga inayoijaza kwa kila rekodi inayoingia au kubadilishwa, unajaza rekodi za zamani kidogo kidogo kwa siku kadhaa, unajenga faharasa yake ya kipekee kwa `CREATE INDEX CONCURRENTLY`, kisha unabadilishana majina. Hata hapo kufuli lile lile zito huja mwishoni, ila kwa sekunde chache. Ningeichagua njia hiyo kama jaribio lako lingechukua saa nane, au kama huduma yenu haiwezi kusimama hata kidogo. Kwa hali yako, ambapo jaribio limechukua dakika 50 na mna usiku mtulivu wa Jumamosi, naona triga, kujaza kwa mafungu na kuunganisha upya uhusiano na `risiti` ni sehemu nyingi za kukosea kwa ajili ya kuokoa muda ambao wenzako wanaweza kuutoa. Wasanidi wakiuliza, waambie njia hiyo umeipima, na uwape sababu hizo.

Ujumbe wenyewe ningeuandika hivi. Uanze na kile watakachokiona, kwa kuwa wengi hawatafika mwisho:

> Wapendwa, Jumamosi kuanzia saa 4:00 usiku hadi saa 6:00 usiku, malipo mapya hayatapokelewa na rekodi za malipo na risiti hazitasomeka, pamoja na kwenye seva ya ripoti. Sehemu nyingine za mfumo zitaendelea kufanya kazi.
>
> Sababu: namba tunazoyapa malipo zinaishia 2,147,483,647 na kwa kasi ya sasa tutafika huko baada ya siku 72 hivi. Siku hiyo hakuna malipo mapya yatakayoingia. Tunapanua nafasi ya namba hizo, na kazi hiyo inalazimu hifadhidata iandike upya kila rekodi. Wakati inaandika, haimruhusu mtu kuandika wala kusoma, ili yasipotee malipo na mtu asipewe ripoti yenye makosa. Kufanya hivi wikendi hakuondoi kufuli. Kunapunguza idadi ya wanaongoja.
>
> Kwenye majaribio kazi ilichukua dakika 50. Tumeomba saa mbili ili kuwe na nafasi ya kukagua. Ikifika saa 5:30 usiku haijakamilika, tutaikatisha na jedwali litarudi kama lilivyokuwa, kisha tutapanga siku nyingine.
>
> Tunawaomba: wahasibu, toeni ripoti zenu kabla ya saa 3:00 usiku na mfunge programu zenu. Wasanidi, simamisheni sehemu ya malipo saa 3:50 usiku na mzime kazi zinazojiendesha zenyewe. Kikao chochote kitakachobaki wazi saa 4:00 kitakatwa. Tutatuma ujumbe kazi ikianza na ikiisha.

Utaona nimeweka saa ya kukatisha ndani ya ujumbe. Usiiache nje. PostgreSQL haina jedwali la kukuonyesha `ALTER TABLE` ya aina hii imefika asilimia ngapi, kwa hiyo saa 5:30 usiku, mtu akiwa na wasiwasi, utakuwa huna cha kumwonyesha. Uamuzi uliofanywa Jumatano mchana, akili ikiwa imetulia, utakusaidia sana. Na kabla ya kutuma, kubalianeni na wasanidi kuhusu taarifa za malipo zinazoingia kutoka nje ndani ya saa hizo mbili: ama ziwekwe kwenye foleni upande wenu, ama mhakikishe anayezituma atazituma tena. Mkishapata jibu, liongezeni kwenye ujumbe kwa sentensi moja.

Kuna hali ambazo nisingekushauri uzimalize kwa kusoma majibu kama haya. Kama `malipo` linarejelewa na majedwali mengi na hujui yote, kama kuna mwonekano uliojengwa juu ya safu ya id (amri itakataliwa mpaka uuondoe na kuuunda upya), kama mnahamisha data kwenda mfumo mwingine kwa replikesheni ya kimantiki, au kama diski haitoshi na hakuna wa kuiongeza, mtafute mtu aliyekwisha kufanya kazi hii akae nawe, aione seva yenu yenyewe, na awepo usiku huo. Na kama kihesabu kingekuwa kimebakiza siku mbili tatu badala ya 72, mwite leo leo. Kuna njia ya kununua muda kwa kukirudisha kihesabu kwenye namba hasi, kuanzia -2147483648, lakini programu zinazopanga malipo kwa id au zinazodhani id ni chanya daima zitavurugika, na uamuzi huo haufai kufanywa na mtu mmoja peke yake.